Haja, Upepo na Siku Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tafsida za Mwili

Nafundisha Kiswahili watu wazima hapa Mombasa. Wengi wao ni wauguzi na walimu waliohamishwa kutoka bara, na wachache ni wageni wa ng'ambo. Maswali yaliyo hapa chini, kuhusu tafsida, yaani maneno ya adabu yanayositiri mambo ya mwili yenye haya, huulizwa darasa likishamalizika, mlangoni, kwa sauti ya chini. Nimeyajibu kwa maandishi ili nisirudie kila muhula. Maneno makali nimeyataja kama yalivyo pale yanapohitajika, kwa hiyo anayesoma kwa sauti mbele ya wakwe aangalie.

Neno gani ni tusi na neno gani si tusi? Mbona yote yanataja kitu kimoja?

Ndiyo, kitu ni kimoja, ila ngazi ni tofauti. Chukua kitoacho tumbo. "Mavi" ni neno la asili kabisa, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Mbele ya mtu unayemheshimu halitamkwi. "Kinyesi" ni neno la kitabu: mwalimu wa sayansi atalisema, na afisa wa afya ataliandika kwenye bango la kipindupindu, lakini ukimwambia mamako nyumbani kwamba mtoto ametoa kinyesi atakutazama kama umetoka kusoma ripoti. "Choo" ndilo neno la kati, la kila siku: mtoto amepata choo, choo chake chepesi, leo hana choo. Juu kabisa kuna "haja kubwa", ambayo unaweza kuisema hata mbele ya sheikh au mchungaji.

Kwa mkojo mambo ni mepesi zaidi. "Mkojo" si tusi. Daktari anapima mkojo, na mama anasema mwanawe ni kikojozi bila mtu kushtuka. Kitenzi "kukojoa" kinavumilika kwa watu wa rika moja, ingawa mbele ya wazee mtu hujihimu kusema "haja ndogo". Vijana wamekipa "kukojoa" maana nyingine ya chumbani, na hiyo imelisogeza neno hatua moja kuelekea kwenye aibu. Lakini "kunya" hakina utetezi wa namna hiyo. Linganisha vitenzi hivyo viwili utaona kwamba Kiswahili hakioni haya sawasawa kwa kila kitoacho mwili. Haya yetu hupanda kadiri harufu inavyopanda, na sijui lugha nyingi ambazo haziko hivyo.

Kwa nini tunasema "haja"? Haja ya nini?

Haja yenyewe haitajwi, na hapo ndipo ufundi ulipo. Neno limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni hitaji, na Waarabu nao husema mtu amekwenda kukidhi haja yake. Sisi tuliichukua pamoja na mkao wake wote: hata "kukidhi haja" ya Kiswahili ni Kiarabu kilichovaa kanzu ya hapa. Mtu anataja hitaji, hataji tendo, na msikilizaji anamalizia mwenyewe kichwani.

Kiarabu kina njia nyingine ambayo watu wengi wa hapa wameisoma bila kuiona. Katika Kurani, sura ya 4 aya ya 43, na tena sura ya 5 aya ya 6, panapozungumzwa kutawadha, panatajwa mtu aliyetoka kwenye "ghait". Asili ya neno hilo ni ardhi iliyobonyea, bondeni, mahali mtu anapoweza kujificha asionekane. Kwa maneno mengine, limetajwa bonde na likaachwa tendo. Tafsiri za Kiswahili huandika "ametoka chooni", na hilo ni sawa, maana sisi hatukuwa tukienda mabondeni. Lakini angalia kilichotokea baadaye: kwa Kiarabu cha leo "ghait" si bonde tena, ni kinyesi chenyewe. Neno lililoazimwa kuficha kitu limeishia kuwa jina la kitu.

Hili hutokea kila mahali. Mwanaisimu Steven Pinker alilipa jina miaka ya 1990, akalifananisha na ile mashine ya kukimbilia ambayo unakwenda na hufiki. Neno safi likikaa na jambo lenye haya muda mrefu, jambo hulichafua neno, watu hutafuta neno jingine, nalo huchafuka. Waingereza wamelipitisha jina la chumba hiki katika maneno mengi mno. Neno "toileti" lenyewe lilitoka kwa Wafaransa, na mwanzo lilikuwa kitambaa kidogo cha meza ya kujipambia. Likachafuka. Wakahamia chumba cha kuogea, wengine chumba cha kupumzikia, na hapa Kenya wanaojiona wastaarabu sasa wanasema "woshrumu". Mimi silipendi hilo. Tunayo maneno manne yetu, choo, msalani, maliwatoni na uani, na bado hayajachakaa.

Na hiyo "kubwa" na "ndogo", ni Waswahili tu?

Hata kidogo. Wamalei husema mtu anatupa maji makubwa au maji madogo. Waturuki hutumia neno lao la udhu, kule kunawa kabla ya swala: udhu mkubwa na udhu mdogo. Wachina wana faraja kubwa na faraja ndogo, Wajerumani wana shughuli kubwa na shughuli ndogo, na mtoto wa Kifaransa humwambia mwalimu ana agizo dogo au agizo nene. Kila mmoja amechagua nomino yake ya kusingizia (maji, udhu, shughuli, agizo, haja), kisha wote wakakutana kwenye kupima ukubwa.

Waingereza hawakupima, walihesabu: nambari moja na nambari mbili. Na Wagujarati, ambao tunaishi nao Mombasa tangu zamani, huhesabu vilevile. Mtoto wao shuleni huomba ruhusa ya "eki" au "beki", moja au mbili. Kihindi rasmi kina namna inayonifurahisha kuliko zote, "laghushanka", yaani shaka ndogo. Mtu anaondoka barazani kwa sababu ameingiwa na shaka ndogo! Ukiijua hiyo, "haja" yetu inaonekana ni neno la watu wasio na mzaha.

Mwanangu ametoka madrasa akisema haja kubwa ni "hadathi ndogo". Amekosea?

Hakukosea, na swali hili huulizwa sana na wazazi waliosilimu ukubwani.

Hapa kuna vipimo viwili vinavyogongana. "Haja kubwa na ndogo" ni lugha ya adabu, nayo hupima kile kinachotoka. "Hadathi kubwa na ndogo" ni istilahi ya fikihi, elimu ya sheria za dini, kwa hali ya kukosa tohara, nayo hupima kile unachotakiwa kufanya ili uweze kuswali. Hadathi ndogo huondoka kwa udhu: humo mna haja ndogo, haja kubwa, na upepo. Hadathi kubwa haiondoki ila kwa kuoga josho: humo mna janaba, hedhi na nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua. Kwa hiyo haja kubwa ni hadathi ndogo, na mtoto wako anajua fikihi kuliko unavyodhani.

Walimu wa madrasa wana msemo kwamba dini haina haya. Utamsikia mwalimu wa heshima zake akieleza kustanji hatua kwa hatua mbele ya darasa zima, maneno ambayo akifika nyumbani hatayatamka mezani. Haoni mgongano wowote, kwa kuwa maneno ya Kiarabu yanamkinga. "Kustanji" ni tendo lile lile la "kuchamba", lakini la kwanza ni somo na la pili ni la uswahilini.

Upepo je? Neno la adabu la kujamba ni lipi?

Kujamba ni neno zima, linajulikana na kila mtu, na halisemwi mbele za watu. Kuna na "kushuta", kwa ule usio na sauti, nalo halina nafuu kubwa. Kwa adabu husemwa kutokwa na upepo, kutoa hewa, au kwa lugha ya vitabu, riahi. Hapa Mombasa wazee wana njia nzuri zaidi, ya kutaja matokeo: "udhu umenitoka", au "sina udhu". Mtu anainuka kwenye safu ya swala kabla ya takbiri, anasema hivyo tu, na anapishwa. Hakuna anayeuliza umetokaje, kwa sababu udhu hutenguka kwa mambo mengi, hata usingizi. Kila mtu amepewa nafasi ya kudhani lililo jepesi.

Ila tafsida hii ina mahali inapoumiza, nami nitaieleza kwa urefu maana wauguzi ndio huniuliza.

Mama amepasuliwa tumbo, tuseme amejifungua kwa upasuaji. Baada ya operesheni ya tumbo, matumbo hulala kwa muda. Upepo ukitoka kwa chini, ni ishara kwamba yameamka na yanasukuma. Usipotoka, na tumbo likawa linavimba, linakaza na mgonjwa anatapika, daktari anataka kujua mapema. Kwa hiyo asubuhi muuguzi anapita kitandani na kuuliza kwa heshima, "Mama, umetoa hewa?"

Mama anajibu, "Ndiyo, sista."

Ni hewa gani aliyotoa? Huenda amevuta pumzi na kuitoa, kama alivyoambiwa jana afanye mazoezi ya kupumua. Huenda amecheua. Muuguzi anaandika kwamba upepo umetoka, na karatasi inakwenda na uongo ambao hakuna aliyeusema. Nimewahi kumsikia mwingine akiuliza "Umepumua?", na hiyo ni mbaya zaidi, maana nani atasema hapana?

Kuruka mpaka "umejamba?" si dawa pia. Bi mkubwa wa miaka sitini akiulizwa hivyo na kijana wa kiume ataona ametukanwa, na atajibu lolote ili aondoke. Ninachowafundisha ni kubaki na tafsida lakini kuipa mahali: "Mama, upepo umeshatoka kwa chini, kwa nyuma?" Kisha swali la pili la kuthibitisha: "Tangu saa ngapi?" Aliyetoa pumzi tu hatakuwa na saa ya kutaja, atababaika, na hapo utajua hamkuelewana. Kama yupo shangazi au dada anayemuuguza mgonjwa, muulize yeye kando. Wanawake wa nyumba moja huambiana mambo haya bila kupinda.

Kanuni inayotokana na hapo ni moja. Tafsida hufanya kazi kwa kutotaja, kwa hiyo ukiitumia kuuliza, ongeza kile ilichokiacha: mahali, wakati, au wingi.

Mama mmoja amesema mtoto wake "anaendesha". Nilidhani ni gari.

Wanaocheka ni wengi, usijali. "Tumbo linamwendesha" maana yake anahara. "Kuhara" na "kuharisha" si matusi makubwa, lakini zinaleta picha, na mtu wa Pwani hupendelea kulitupia tumbo lawama: tumbo ndilo linaloendesha, mtoto ni abiria tu.

Taabu ni kwamba "kuendesha" haisemi kiasi. Mama mmoja husema hivyo mtoto akienda mara mbili na choo laini, mwingine husubiri mpaka mtoto amelegea. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuhara kuwa choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Basi muulize mama: mara ngapi tangu asubuhi, ni maji matupu au kina uzito, kuna damu au kamasi? Mtoto anayenyonya huenda mara nyingi kwa kawaida yake, kwa hiyo uliza pia kama hivi ndivyo alivyozoea.

Kinyume chake ni "choo kimefunga" au "hapati choo". Muuguzi mgeni ambaye kwake "choo" ni chumba tu anaweza kusikia kwamba nyumba haina choo au kimefungwa kwa kufuli. Na "haja ndogo imekataa" ni jambo la kuharakisha: mgonjwa hawezi kukojoa. Lugha inasikika ya upole, kumbe kibofu kimejaa.

"Siswali" ina maana gani mwanamke akiisema?

Mara nyingi, kwamba yumo katika hedhi. Mwanamke wa Kiislamu aliye katika hedhi haswali wala hafungi, kwa hiyo anataja alichokiacha badala ya kutaja damu. Ajabu yake ni kwamba sentensi ile ile akiisema mwanamume inakuwa ni kukiri dhambi. Mwezi wa Ramadhani "sifungi" haibebi siri hiyo vizuri hivyo, kwa kuwa mgonjwa na msafiri nao hawafungi, ndiyo maana "siswali" ndiyo inayosema wazi kwa anayejua.

Walio nje ya Uislamu, na hata Waislamu wengi, husema "niko mwezini", "siku zangu", au "nimeona siku". "Hedhi" lenyewe ni neno la Kiarabu lililotulia, linafaa kwa daktari na kwa kitabu. Msichana akianza kwa mara ya kwanza husemwa amevunja ungo. Wafaransa walisema Waingereza wametua, na inasemekana ni kwa sababu ya makoti mekundu ya askari wa Kiingereza. Hilo halitafsiriki popote, kwa sababu limejengwa juu ya ugomvi wa majirani.

Hapa napo kliniki hupotea njia. Mkunga huhesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ili kukadiria tarehe ya kujifungua. Akiuliza tu "mara ya mwisho kuona siku zako lini?", mwanamke anayepima mwezi wake kwa swala anaweza kutaja siku aliyooga akarudi kuswali, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoiweka kichwani. Tarehe inasogea kama juma zima. Uliza "siku ya kwanza ya kuona damu", na ulitaje hilo neno damu.

Nikiwa mgeni kwenye nyumba ya watu, niulize vipi mahali?

"Choo kiko wapi?" si tusi, ila mezani huwa kavu kidogo. Sema "Naomba kuonyeshwa msalani", au "maliwatoni" ukipenda lugha ya juu. Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale bado utasikia "uani", kwa kuwa huko ndiko kilikokuwa. Mwenyeji mwenyewe hutumia namna fupi kuliko zote: anainuka, anasema "nakuja", na anakwenda. Wageni husumbuka kwa nini anayeondoka aseme anakuja. Anakutajia kurudi ili asitaje kwenda.

Kiebrania cha kale kilikwenda mbali zaidi, hakikutaja mahali wala hitaji. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 24, mfalme Sauli anaingia pangoni "kufunika miguu yake", maana vazi humwangukia mtu miguuni akichuchumaa. Msomaji asiyejua hudhani alikuwa anasikia baridi.

Kama ni aibu, mbona bibi yangu hutia mavi kwenye methali?

Kwa sababu methali haina mwenyewe. "Mavi ya kale hayanuki", "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha", "Mavi usiyoyala, wayawingiani kuku?" Anayeisema hatukani, ananukuu waliotangulia, na makali ya neno ndiyo yanayoifanya ipenye. Jaribu kusema "Haja kubwa ya kale hainuki" uone kama kuna atakayenyamaza. Hiyo ya kuku na bata ndiyo ninayoipenda zaidi, kwani yenyewe inahusu majina: akifanya kuku linaitwa hivi, akifanya bata tendo lile lile linapewa jina baya zaidi.

Usishtuke pia ukimsikia mzee wa Mombasa akisema "mvua yanya". Hilo ni neno halali la zamani la mvua kushuka, na "kunyesha" limezaliwa humo. Wengi wameliacha kwa kukimbia maana ile nyingine.

Watanzania wanasema wanakwenda "kuchimba dawa". Na sisi?

Hiyo ni ya safari, basi linaposimama penye vichaka. Dawa nyingi za miti huchimbwa porini, kwa hiyo kisingizio kinakubalika. Wahindi nao wana kwenda msituni, kwa wazo hilo hilo. Kenya tuna "shotikoli" na "longikoli", za shuleni zaidi. Utaeleweka kwa zote tatu kwenye basi la Mombasa kwenda Dar es Salaam.

Ni makosa gani ya matamshi yatakayoniaibisha?

Mawili, na yote ni ya mezani. La kwanza ni kudondosha "w" kwenye "kunywa". "Nataka kunywa maji" ikikosa sauti hiyo moja, umeomba jambo jingine kabisa mbele ya wenyeji wako. Kaza midomo kama unayetaka kupuliza, kisha tamka.

La pili hulifanya wanaofikiri kwa Kiingereza. Wanataka kumkaribisha mgeni ajichukulie chakula, wanamwambia "jisaidie". Kwetu kujisaidia ni kwenda haja. Sema "karibu, jipakulie".

Mtoto nimfundishe neno gani?

"Susu" ya mkojo inatosha akiwa mdogo, na watoto wa Kihindi jirani wataielewa kwa kuwa nao wanayo. (Kwa Wamalei ni maziwa, kwa hiyo msisafiri nayo.) Lakini akifika umri wa kwenda shule mpe "mkojo", "choo" na "haja", na majina ya viungo yasiyo ya kitoto. Mtoto anayejua "kule" na "kitu" peke yake hawezi kumweleza daktari panapomuuma, wala kumwambia mamake ni nani aliyemgusa na wapi.

Mbona ukutani huandikwa "Usikojoe hapa" na si "Usiende haja ndogo"?

Kwa sababu anayekusudiwa yuko mbioni na tayari ameshika zipu. Tafsida humpa mtu nafasi ya kujifanya hakuelewa, na mwenye ukuta hataki kuitoa nafasi hiyo. Mwenye nyumba huyo huyo, ukimgongea mlango na kumwambia una haja, atakuonyesha msalani na kukuwekea maji.